Kuingiza picha ya leo ndani ya picha ya zamani: maswali tunayoulizwa kila mara studio, Dodoma

Wateja wengi siku hizi hawaji tu kusafishiwa picha ya zamani. Wanataka na wao waonekane ndani yake. Mjukuu anataka asimame pembeni ya babu. Mama anataka picha ya mwanawe ionekane kana kwamba ilipigwa stesheni ya Dodoma enzi za TANU. Majibu haya ni ya mteja anayetaka kujua alete nini, na ya fundi mwenzetu anayetaka kujua afanye nini.

Mfano nitakaoutumia toka mwanzo hadi mwisho ni mmoja. Dada mmoja alileta picha ya rangi ya mraba, sentimita 9 kwa 9, imeandikwa nyuma kwa kalamu "Dodoma 1975". Babu yake amesimama jukwaani stesheni, shati jeupe, nyuma yake behewa la rangi ya damu ya mzee. Upande wa kushoto wa babu pana nafasi ya mtu mmoja. Ombi lake: "Fundi, niweke pale."

Kwa nini picha za zamani zinakuwa nyekundu-nyekundu?

Ukilijua hili, nusu ya kazi imekwisha, kwa hiyo nalitanguliza.

Karatasi ya picha ya rangi ina tabaka tatu: sayani, majenta na njano. Kwenye karatasi nyingi za miaka ya 1960 na 1970, sayani ndiyo iliyokuwa dhaifu. Hata picha ikae gizani ndani ya albamu, sayani huisha kabla ya zile mbili. Na kazi ya sayani ni kumeza mwanga mwekundu. Ikipungua, wekundu unarudi machoni bila kizuizi, na unarudi zaidi kwenye sehemu zilizokuwa nyeusi, kwa sababu huko ndiko sayani ilikojaa. Ndiyo maana nywele, suruali nyeusi na vivuli vya picha hizo vina rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Sehemu nyeupe hazikuwa na rangi ya kupoteza, ila kemikali zilizobaki ndani ya karatasi huzipaka unjano kadiri miaka inavyokwenda.

Kwa hiyo kufifia hakuko sawa picha nzima. Weusi unapanda na kuwa mwekundu, weupe unashuka na kuwa wa maziwa. Picha iliyotundikwa ukutani ikipigwa jua hufifia kwa namna yake, kwa hiyo usichukue vipimo vya picha ya ukutani ukavitia kwenye picha ya albamu.

Si nibonyeze tu filta ya "Vintage" kwenye simu?

Filta inapaka rangi moja juu ya kila kitu kwa kiasi kilekile. Picha nzima inakuwa ya machungwa, weusi unabaki mweusi tii, na chembe za kuigiza filamu zinamwagwa kama vumbi juu ya kioo. Kwa picha ya mtu mmoja anayetaka mapambo, haina shida. Kwa picha ya kuungwa haifai kabisa, kwa sababu babu tayari ameshafifia. Ukiipitisha filta juu ya wote wawili, babu anafifia mara mbili na mjukuu mara moja, na tofauti yao inabaki palepale.

Nipige picha yangu vipi ili ikubali kuingia?

Hapa ndipo kazi inapofaulu au inapokufa. Mambo manne yanatosha.

La kwanza ni urefu wa kamera. Picha ya mraba ya miaka ile mara nyingi ilipigwa kwa kamera ya boksi yenye lenzi mbili, aina ya Yashica au Lubitel, inayoshikwa tumboni na kutazamiwa kwa juu. Angalia picha ya babu: mstari wa upeo wa macho, pale ardhi inapokutana na mbingu kwa mbali, unapita usawa wa mkanda wake. Maana yake lenzi ilikuwa usawa wa mkanda. Picha uliyojipigia simu ikiwa usawa wa uso inakutazama viatu kwa juu, na hakuna ufundi wa kompyuta utakaozinyoosha nyayo zako. Mwambie anayekupiga aishushe simu hadi tumboni.

La pili ni umbali. Asimame hatua nne au tano kutoka kwako, kama mita 3, kisha avute kwa zoom ya 2x. Akikusogelea na lenzi pana ya simu, pua inakua na masikio yanajificha. Azime kabisa vipodozi vya kamera na ule ukungu wa mandhari ya nyuma, maana simu hukata nywele vibaya na hatuwezi kuzirudisha.

La tatu ni jua. Kivuli cha babu kinaangukia kulia kwake na urefu wake ni nusu ya kimo chake. Hilo linatuambia jua lilikuwa juu sana. Ili ulipate jua lilelile, simika fimbo ya mita moja uwanjani, usubiri hadi kivuli chake kiwe nusu mita, kisha simama kivuli chako kiangukie upande ule ule wa babu. Hapa Dodoma fimbo hiyo itakupa nafasi mbili kwa siku, kabla na baada ya adhuhuri, isipokuwa katikati ya mwaka. Mwezi Juni jua linakuwa limehamia kaskazini, na hata adhuhuri yenyewe kivuli cha fimbo hiyo hakipungui chini ya sentimita 56 au 57. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua linapita utosini, kwa hiyo adhuhuri ya siku hizo usipige kabisa: macho yanazama kwenye mashimo meusi.

La nne watu hulisahau: simama juu ya udongo. Udongo wetu mwekundu unarudisha mwanga juu, chini ya kidevu na ndani ya pindo la suruali, na babu yako anao mwanga huo. Ukipigwa juu ya vigae vyeupe vya baraza au juu ya nyasi, chini ya kidevu chako panakuwa na weupe au ukijani ambao stesheni haikuwa nao.

Nivae nini?

Vaa kweli nguo hiyo siku ya kupiga. Fundi anaweza kukata gauni kwenye picha nyingine akakuvika, lakini shingoni na viganjani huonekana daima, maana nguo ya kubandika haijui mabega yako yameinama vipi. Kitambaa kilichovaliwa kinajikunja kwa mwili wa mwenyewe.

Chagua mwaka, siyo "zamani". Kwa mwaka 1975, kijana wa mjini angevaa suruali ya bugaluu, shati la kubana lenye kola ndefu zilizochongoka, na pengine raizoni miguuni. Mtu wa ofisini angevaa suti ya Kaunda ya mikono mifupi. Kwa mwanamke, gauni la kitenge au la pamba lililoshonwa na fundi cherehani, au sketi ya kufunika magoti. Miaka michache kabla yake, Operesheni Vijana iliyotangazwa 1968 ilishazipiga vita vimini, wigi na suruali za kubana. Nywele za afro, au za kusuka kwa uzi. Kanga na kanzu hazina shida ya mwaka, ila ukitumia kanga angalia maandishi na picha zilizochapwa juu yake. Kwa kijijini, kaniki na mgolole vinafaa kuliko chochote cha dukani leo.

Vinavyoumbua picha ni vidogo. Kitenge chenye chapa za kumeta, kope za kubandika, nyusi za kuchora, kucha ndefu za rangi, saa ya kidijitali, mikanda ya simu na alama ya kampuni kwenye viatu. Fulana yenye maandishi ya chuo cha Marekani haina nafasi 1975; biashara ya mitumba ilifunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na fulana hiyo itakaa vizuri kwenye picha ya miaka ya 1990. Vilevile angalia rangi za chama. CCM ilizaliwa tarehe 5 Februari 1977, kwa hiyo skafu ya kijani na njano kwenye picha ya 1975 ni kosa ambalo mzee yeyote atalikamata kabla hajakaa kitini.

Kuna jambo lingine la nguo linalohusu rangi zenyewe. Kumbuka sayani imekufa. Bluu imejengwa kwa sayani na majenta, kwa hiyo gauni la bluu likizeeshwa linaelekea zambarau yenye majivu. Kijani kimejengwa kwa sayani na njano, kwa hiyo kinakauka na kuwa manjano ya majani makavu. Nyekundu na machungwa zinabaki karibu kama zilivyo. Dada yetu alikuja na gauni la kitenge la kijani alilolipenda sana. Tulimwonyesha kwanza litakavyokuwa, akabadili akavaa la rangi ya machungwa iliyokolea, na hilo likakaa pazuri na behewa.

Rangi zangu zinalinganishwaje na za babu?

Kwa kusoma picha ya babu kwanza, kisha kumpeleka mjukuu huko. Picha ya babu haiguswi.

Tuliiskani kwa 600 dpi, ikatoa picha ya pikseli kama 2,100 kila upande. Karatasi yake ilikuwa ya hariri, ile yenye vipele vidogo, na vipele hivyo huakisi taa ya skana na kutoa madoa. Dawa yake ni kuskani mara mbili, ya pili picha ikiwa imegeuzwa juu chini, kisha unaigeuza kwenye kompyuta, unaipanga juu ya ya kwanza na kuipa Opacity ya asilimia 50. Maakisi ya pande mbili yanapunguzana na sura inabaki.

Kisha tafuta sehemu nyeusi kuliko zote na nyeupe kuliko zote, usome namba zake kwenye paneli ya Info ya Photoshop. Kwetu weusi ulikuwa ndani ya mlango wa behewa: nyekundu 64, kijani 40, bluu 36. Weupe ulikuwa begani mwa shati la babu: 240, 224, 192. Tazama zinavyosimulia hadithi ileile ya juu: weusi umepanda upande wa nyekundu, weupe umepungukiwa bluu.

Sasa fungua Curves juu ya leya ya mjukuu peke yake, na ufanye kazi chaneli moja moja. Kila chaneli ina ncha mbili. Ncha ya kushoto unaipandisha hadi namba ya weusi, ya kulia unaishusha hadi namba ya weupe:

```
Red:    0 → 64    255 → 240
Green:  0 → 40    255 → 224
Blue:   0 → 36    255 → 192
```

Ukimaliza, mjukuu anaingia kwenye hewa ya picha mara moja. Kilichobaki ni toni za katikati, na hapo tunahitaji kitu ambacho picha zote mbili zinacho. Sisi wa Dodoma tunacho, ni udongo. Usikate udongo ulioko miguuni pa mjukuu mapema. Uache kwanza, ulinganishe na udongo ulioko miguuni pa babu, na usogeze katikati ya mstari wa kila chaneli hadi udongo wote uwe mmoja. Ndipo uukate. Ukilinganisha ngozi kwa ngozi utapotea, maana mjukuu na babu hawana lazima ya kuwa na rangi moja ya ngozi.

Mbona uso wangu umekuwa kama tofali?

Swali hili linaulizwa sana, na linastahili jibu kamili kwa sababu linatuhusu sisi hasa.

Kama nilivyoeleza, wekundu unaingia zaidi kwenye toni za giza. Ngozi nyeusi iko kwenye nusu ya giza ya picha, kwa hiyo inapokea wekundu mwingi kuliko ngozi nyeupe ingepokea kwa namba zilezile. Maelekezo mengi ya kuzeesha picha yaliyoko mtandaoni yamepimwa kwa nyuso nyeupe, na mtu anayeyafuata neno kwa neno anapata mteja mwenye uso wa matofali. Hata enzi za filamu tatizo hili lilikuwepo: maabara zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke Mzungu, na mtu mweusi mwenye shati jeupe alitoka meno na shati.

Usitatue kwa kuufunika uso kwa maski ili usizeeke. Karatasi haikujua uso uko wapi, ilififia yote. Uso ukibaki na rangi safi unaelea juu ya picha. Tatua kabla ya kuzeesha: angaza uso kidogo kwenye picha safi, hasa mashavu na chini ya macho, na upunguze wekundu wa ngozi kidogo. Ukishamaliza ndipo uweke Curves. Hatutaki mtu apotee gizani eti kwa sababu filamu za zamani zilimpoteza. Tunaiga umri wa karatasi, na sura ya mtu inabaki na heshima yake.

Chembe za filamu ziwe kiasi gani?

Chache kuliko unavyodhani, na inategemea picha ilikuzwa mara ngapi.

Chembe zinakua pamoja na picha. Filamu ya milimita 35 ina fremu yenye urefu wa milimita 24 kwa upande mfupi. Ukiichapa kwenye karatasi ya sentimita 10 kwa 15 umeikuza mara nne na ushei, na kwa filamu ya kawaida ya mchana chembe zake kwa jicho la kawaida ni chache sana. Kamera ya boksi ina fremu ya milimita 56 hivi kila upande. Kuifikisha sentimita 9 haifiki hata mara mbili. Kwa hiyo kwenye picha ya babu karibu hakuna chembe za filamu kabisa. Kinachoonekana ukivuta karibu ni ulaini wa lenzi, vipele vya karatasi na uchafu wa skana. Chembe kubwa ambazo watu wanazipenda ni za filamu ndogo yenye kasi kubwa, iliyokuzwa hadi ukubwa wa bango au gazeti.

Kwa sababu hiyo, kabla ya chembe shughulikia ulaini. Vuta karibu ukingo wa kifungo cha shati la babu: kutoka weupe hadi giza kunachukua pikseli nne hivi. Ukingo wa kola ya mjukuu ulichukua moja au mbili, kwa sababu simu hunoa picha yenyewe. Tulimlainisha kwa Gaussian Blur ya pikseli 1.2, kingo zikakubaliana. Ulaini huu unaunganisha watu kuliko chembe zozote.

Kisha chembe. Tengeneza leya mpya juu ya mjukuu, imfuate yeye tu, uijaze kijivu cha 50%, na uiweke Overlay. Weka Add Noise, Gaussian na Monochromatic, kiasi cha 8%. Chembe zikitoka hivyo zina ncha kali za pikseli moja moja, na filamu haina pikseli, kwa hiyo zilainishe kwa Gaussian Blur ya 0.7. Overlay ina faida moja kubwa: haigusi weusi kamili wala weupe kamili, inafanya kazi katikati, na ndivyo chembe zinavyoonekana kwenye picha iliyochapwa. Linganisha shavu la mjukuu na la babu kwa 100%, kisha 200%. Kwa dada yetu tuliishusha leya hiyo hadi Opacity ya asilimia 40 ndipo ikakaa.

Usisahau mikwaruzo. Picha ya babu ilikuwa na mkunjo uliokatiza pale pale alipowekwa mjukuu. Mkunjo ukifika begani kwake ukapotea na kuibuka upande wa pili, kila mtu anajua. Ama unausafisha picha nzima, ama unauchora upite juu yake pia. Dada alichagua upite.

Kwa nini naonekana kama naelea?

Miguu. Chini ya soli ya kiatu pana mstari mwembamba wa giza, pale kiatu kinapogusa ardhi, na bila mstari huo mtu hajakanyaga. Uchore kwa brashi ndogo, wa giza sana chini ya kisigino, na ufifie ndani ya nusu kiatu. Baada ya hapo ndipo chora kivuli cha mwili kufuata upande na urefu wa kile cha babu.

Usitumie rangi nyeusi. Hakuna nyeusi kwenye picha hii. Gusa kivuli cha babu kwa kidonoa rangi, na kile utakachokipata, kahawia yenye wekundu, ndicho utakachopakia. Kisha vumbisha viatu. Jukwaa lile lilikuwa na vumbi na babu ana vumbi hadi kwenye kamba za viatu. Brashi laini ya rangi ya udongo, Opacity ya asilimia 10 au 15, pande za soli tu.

Sina picha ya zamani. Nataka mandhari yote yatengenezwe.

Hapo utaratibu unabadilika. Unamuunga mtu na mandhari vyote vikiwa safi na vya leo, unamaliza vivuli, ulaini na mwanga, kisha unazeesha yote kwa pamoja mara moja: Curves moja juu ya kila kitu, chembe juu ya Curves. Usizeeshe vipande kabla ya kuviunga.

Shida kubwa ya mandhari ya Dodoma ni kwamba mji umebadilika sana tangu uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu huku. Jengo la stesheni ya zamani linafaa, reli ya kati ilifika hapa 1910, lakini usiingize kamwe stesheni ya SGR, treni zake zilianza kubeba abiria kuja Dodoma 2024. Msikiti wa Gaddafi ulifunguliwa 2010, na UDOM ilianzishwa 2007. Ondoa minara ya simu, bodaboda, matangi meusi ya plastiki juu ya paa na madirisha ya aluminiamu. Mibuyu na vilima vya mawe havina shida, ila angalia majira: mbuyu mtupu usio na majani ni wa kiangazi, na ardhi iliyo chini yake haiwezi kuwa na nyasi mbichi. Mabehewa ya kabla ya 1977 yalikuwa ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki.

Na nyeusi na nyeupe?

Ni rahisi zaidi. Unapogeuza, usitegemee chaneli ya bluu, ngozi nyeusi huko inakuwa mkaa. Changanya nyekundu na kijani. Weusi usifike sifuri, na weupe upake unjano mdogo.

Naweza kufanya haya bila Photoshop?

Ndiyo. GIMP ni ya bure na ina Curves na leya zenye maski. Photopea inafanya kazi ndani ya kivinjari, na amri zake zinafanana sana na nilizotaja. Kwa simu, Snapseed ina Curves yenye chaneli tatu, ila kukata nywele kwa kidole kunachosha.

Nitajuaje kama bado haijakaa?

Weka leya ya muda ya Curves juu ya kila kitu, uusimamishe mstari wake karibu wima. Picha inakuwa mbaya na yenye kelele, na hilo ndilo unalolitaka: mwenye weusi tofauti anaruka mara moja machoni. Dada yetu alipotazama kwenye skrini alisema, "Fundi, mbona nimeng'aa kuliko babu?" Alikuwa sahihi. Curves ya muda ilionyesha weupe wa jicho lake uko sawa na weupe wa shati la babu, na jicho haliwezi kuwa jeupe sawa na shati juani. Tukaushusha.

Baada ya hapo ipunguze picha iwe ndogo kama stempu. Jicho lako likimkimbilia mjukuu kabla ya babu, bado kuna kitu, na mara nyingi ni rangi iliyokolea kupita kiasi au ukingo mkali wa nywele.

Huu si udanganyifu?

Unakuwa udanganyifu pale mtu anapoitumia kuthibitisha kitu. Picha ya kuungwa haiendi kwenye shauri la mirathi, la shamba wala la undugu, na tukijua ndiyo nia, hatuifanyi. Kwenye kila nakala tunaandika nyuma kwamba imeungwa, mwaka iliofanywa na picha ipi ndiyo ya asili, kwa sababu watoto watakaoikuta kwenye kabati baada ya miaka 40 hawatakuwa na wa kumuuliza. Faili la skani ya asili tunampa mteja kando, bila kuguswa. Na kama aliyeko kwenye picha ya zamani yu hai, aulizwe yeye kwanza. Kama ametangulia, waulizwe wakubwa wa familia.

Niliituma kuchapwa, ikarudi na rangi mpya. Kwa nini?

Mashine za kuchapa picha zina marekebisho ya rangi yanayojiendesha. Zikiona weusi mwekundu na weupe wa njano, zinadhani picha ni mgonjwa, zinaisafisha, na kazi yako yote ya kufifisha inafutika. Mwambie mhudumu azime marekebisho hayo na achape faili lilivyo. Anza na kipande kidogo cha majaribio chenye uso na shati jeupe.

Usitume faili kwa WhatsApp kama picha. Inabanwa, na chembe ndizo za kwanza kugeuka vibonge vya mraba. Itume kama Document, au peleka kwa flashi. Faili la pikseli 2,100 linatoa picha nzuri hadi sentimita 20 kwa 20, zaidi ya hapo ulaini unaanza kuonekana. Chagua karatasi isiyong'aa sana, na ukiipata ya hariri, chukua hiyo, ila basi punguza chembe ulizoweka, maana karatasi yenyewe italeta zake.